Salamu ya 4 Desemba: karti tano, hakuna bei

Kila mwaka, siku ya 4 Desemba, telefone za watu wa mugodi zinajaa salamu. Ni sikukuu ya Mutakatifu Barbara, ule wenye wazee wetu walizoea kumuita Sente Barbe, mulinzi wa wenye kushuka chini ya udongo. Makampuni yanatuma salamu, maduka yanatuma, hata muuzaji wa bote anatuma. Nyingi zinakuja mu foto tatu, ine ao tano zenye kufuatana, na mutu anazisukuma na kidole, moja kisha ingine. Vijana wanaita mutindo ule karuseli, sababu foto zinapita mbele ya macho sawa farasi za mbao zenye kuzunguka ku mahali pa michezo ya watoto. Sisi hapa tutaziita karti.

Myaka mbili imepita, niliona salamu moja yenye sitaisahau. Karti ya kwanza ilikuwa na kaske na taa, na maneno ya kusifu watu wa mugodi. Ya pili, Barbara na munara wake. Ya tatu, maombi mazuri kabisa. Ya ine, bote mbili za mupya, bei ya zamani imekatwa na musitari mwekundu, bei ingine chini yake, na neno kubwa: «Paka leo».

Siku ile nilikuwa ku kilio. Mwenzetu aliangukiwa na udongo, tulikuwa tumemuzika wiki moja mbele. Bibi yake alikuwa na telefone ya marehemu mu mukono, na salamu ile iliingia paka mu telefone ile. Alisoma karti ya kwanza kwa sauti ndogo, akasukuma, akasoma ya pili, akasoma ya tatu. Akafika ku bote. Akazima telefone, akaiweka chini ya kitenge chake. Hakusema neno.

Ule muuzaji hakuwa mutu mubaya. Hakujua kwamba kuna kifo. Lakini njo pale niliona vile salamu inaweza kugeuka. Karti tatu zilikuwa salamu ya kweli, ya ine ilizifanya zote kuwa tangazo. Mutu mwenye alifungua mulango juu ya kukuamkia, kumbe alibeba muzigo nyuma ya mugongo.

Mwaka ule ulifuata, mwezi wa Novemba, mama mumoja wa hapa Kolwezi alikuja kuniona ku ofisi ya sindika. Mama ule ana atelye ya kushona salopeti. Wanamuke watatu wanashona pamoja naye, na wateja wake karibu wote ni watu wa mugodi na mabibi wao.

— Papa delege, nataka niamkie bateja bangu ku Sente Barbe, lakini sitaki baseme ule mama anatafuta paka makuta yetu. Unisaidie na maneno.

Nilikubali. Tulitengeneza karti tano, na kazi ile ilitukamata siku ine. Nataka kuieleza hapa vile tuliifanya, sababu Desemba inakaribia, na mu cité zetu maduka, atelye na mikate ya mama ku barabara, wote wana telefone.

Sikukuu ni ya nani

Kitu cha kwanza chenye kilitusimamisha si foto, ni watu. Mama ule ni Mukatolike. Alikuwa ameandika ku karti ya kwanza: «Mutakatifu Barbara, utuombee.» Ni maombi mazuri, na ku misa anayasema na moyo wote. Lakini mu atelye yake paka, mushonaji mumoja anasali kwa Wametodiste, na mwingine ni Muislamu. Aliwasomea karti. Ule Mumetodiste alicheka kidogo, akasema:

— Yaya, miye siombake batakatifu. Ukinitumia ile, nitaitika nini? Nikisema amina, nadanganya. Nikinyamaza, utasema niko na kiburi.

Neno lile lilikuwa na akili. Ku kanisa, mwenye kuongoza maombi anajua watu wake wanaamini nini. Ku duka, muteja anaingia na imani yake mwenyewe, na hakuja juu ya kuombewa. Basi salamu ya biashara inaweza kutaja sikukuu, inaweza kuheshimia wenye kuisherehekea, lakini isimutie muteja maombi yenye si yake mu kinywa. Tuliondoa «utuombee», tukaweka hivi:

«4 Desemba, siku ya Mutakatifu Barbara. Kwa wote wenye kuisherehekea, sikukuu njema. Kwa wote wenye kushuka, mushuke salama, mupande salama.»

Angalia vile sentensi ya mwisho inafanya kazi. Mukatolike anapata sikukuu yake kwa jina. Mumetodiste, Mukimbangiste, Muislamu, hata mutu mwenye hasali, anapata kitu chenye kinamuhusu: kupanda salama. Hakuna mutu anabaki inje ya mulango, na hakuna mutu analazimishwa kupiga magoti. Ule Muislamu alisema ile anaweza kumutumia kaka yake mwenye kufanya ku kariyeri, bila kubadilisha neno.

Na karti ile ya kwanza inapaswa kusimama peke yake. Watu wengi hawasukumi mupaka mwisho. Kama wanaona paka moja na kufunga telefone, basi ile moja iwe salamu nzima, isiwe mulango wenye kusema «sukuma uone zawadi yako».

Maneno kidogo juu ya Barbara

Karti ya pili tuliiachia hadisi. Watoto wengi mu nyumba zetu wanajua jina la Sente Barbe sababu baba alilala ku nyumba siku ile, lakini hawajui ni nani. Hadisi ya zamani ya kanisa inasema Barbara alikuwa binti wa mutajiri mumoja, Dioskoro, ku muji wa Nikomedia, inchi yenye leo tunaiita Uturuki. Baba yake alimufungia mu munara. Kule ndani Barbara akashika imani ya Kikristo, akaomba wajenzi watoboe madirisha tatu, kwa heshima ya Baba, Mwana na Roho Mutakatifu. Baba yake mwenyewe akamukata kichwa, na radi ikamupiga yule baba. Juu ya ile radi, watu wenye kufanya kazi na moto na baruti walimuchukua kuwa mulinzi wao: wapiga mizinga, wenye kupasua mawe, na sisi watu wa mugodi. Kule Ulaya wachimbaji walimusherehekea tangu zamani, na Wabeleji walikuja na sikukuu ile hapa kwetu pamoja na mugodi.

Mama alitaka kuandika yote ile. Nilimukataza. Karti si katekisimo. Tena kuna jambo lenye mutu mwenye kuandika anapaswa kujua. Mwaka 1969, kanisa Katolike liliondoa siku ya Barbara mu kalendari yake ya dunia nzima, sababu habari za maisha yake hazina ushuhuda wa kutosha. Halikumuondoa mu hesabu ya watakatifu, na 4 Desemba inabaki siku yake ku wenye wanaendelea kumukumbuka. Juu ya ile, tuliandika «wazee walituambia», hatukuandika «historia inasema»:

«Wazee walituambia: Barbara alifungwa mu munara, mbali na jua, na hakuacha imani yake. Mutu wa mugodi anajua giza. Ndiyo maana alimukumbuka.»

Hakuna kosa mu sentensi zile, na padiri akizisoma hatakasirika, pasta pia hatakasirika.

Hapa niseme neno moja kwa makampuni na wenye kuwaandikia salamu. Kila mwaka naona karti zenye kusema «Barbara atawalinda chini ya udongo». Wakati ni mama wa atelye anasema vile, ni tamani ya moyo. Wakati ni mukubwa wa kazi anasema vile, mufanyakazi anasoma kitu kingine: bote zake zilitoboka tangu Augusto, aliomba zingine, hakupewa, na leo wanamupa mutakatifu. Kulinda mutu ku kazi ni deni la mwenye kazi. Salamu ya mwenye kazi inaweza kusema sikukuu njema na asante, lakini isimupe Barbara kazi yenye sheria ilimupa yeye.

Taa ya baba

Juu ya foto tulibishana. Mama alikuwa amepiga foto salopeti za mupya, za bleu, zimepangwa ku kamba, jua inazipiga vizuri. Ilikuwa foto nzuri kushinda zingine zote. Nilimuuliza: «Mama, mutu akiona ile, atafikiri nini kwanza?» Akanyamaza. Akasema: «Atafikiri bei.»

Ile njo kipimo chenye ninakitumia tangu siku ile. Kitu chenye unauza, hata kama hukuandika bei, kikiingia mu foto kinaleta bei pamoja naye. Muuza bote asiweke bote, muuza mikate asiweke mikate, na mushona salopeti asiweke salopeti. Mu siku zingine zote za mwaka anaweza kuziweka, hakuna mutu atamukataza. Siku ile moja, hapana.

Hatukutaka tena foto za watu ku kazi. Nyingi zenye kuzunguka mu telefone zinaonyesha sura za watu wenye hawakuulizwa, na wamoja kati yao wanaweza kuwa wamekufa. Tena makampuni mengi yanakataza kupiga foto mu mugodi, na mutu anaweza kupata shida ku kazi juu ya foto yenye duka lilitumia.

Kisha mama akakumbuka taa ya baba yake. Baba ule alifanya kazi chini ya udongo ku Kipushi, na taa yake ya zamani ya karbidi inabaki mu kabati. Waliisafisha, wakaiweka juu ya meza ya mbao, karibu na dirisha, asubui. Foto ile moja ilitumika ku karti zote tano: ku ya kwanza taa nzima, ku zingine sehemu yake paka, ao kivuli chake. Mutu akisukuma, anaona ni nyumba moja, hachanganyikiwi. Na haikuleta bei yoyote mu kichwa, sababu taa ile haiuzwi.

Karti ya tatu na ya ine

Karti ya tatu ilikuwa ya walio hai. Kule Kolwezi siku ya 4 Desemba si wote wanalala ku nyumba. Wamoja wanapumuzika, wengine wanaingia posti sawa kila siku. Salamu yenye kusema «furahini na familia zenu leo» inamuchoma ule mwenye kuingia usiku. Basi tuliandika:

«Salamu kwa ekipe ya asubui, ya mangaribi na ya usiku. Na kwa ule mwenye kubaki ku nyumba, sikio ku mulango, mupaka asikie hatua.»

Sentensi ile ya mwisho ilitoka kwa mama mwenyewe. Ni vile mama yake alikuwa anangojea ile taa irudi.

Karti ya ine njo ilikuwa nguvu zaidi. Mama alitaka kuandika majina ya wanaume watatu wa cité yake wenye walikufa mu mugodi mwaka ule. Nia yake ilikuwa safi. Lakini jina la marehemu ni mali ya familia. Nilimuambia: «Enda kwanza uwaulize, na uende na miguu, si na telefone.» Alienda. Nyumba ya kwanza walikubali na machozi. Nyumba ya pili, mujane alisema hapana. Watoto wake wanaingia mu WhatsApp, na hakutaka wasome jina la baba yao mu kitu cha duka, hata kama duka ni la rafiki. Nyumba ya tatu ilikuwa imefungwa. Familia ilikuwa imerudi ku kijiji.

Jibu lilikuwa wazi. Kama huwezi kutaja wote, usitaje mumoja, sababu wenye hawakutajwa watauliza sababu gani. Karti ikabaki bila jina:

«Tunakumbuka wale walishuka na hawakupanda. Mabibi wao na watoto wao, leo pia muko watu wetu.»

Angalia tena: hatukuandika «mashujaa», hatukuandika «walijitoa». Watu wale hawakujitoa. Walienda kutafuta unga wa nyumba, na wengine walikufa sababu ukuta wa kariyeri haukuangaliwa. Mujane anajua ile. Neno kubwa lenye linafunika sababu ya kifo linamuumiza kushinda kunyamaza.

Mwisho wa salamu

Karti ya tano ni mahali pa majaribu. Mutu amefika mupaka mwisho, moyo wake uko wazi, na muuzaji anasikia sauti ndani yake: weka namba ya telefone, weka «karibuni», weka punguzo kidogo paka. Mama alikuwa ameandika: «Karibuni mu atelye yetu kwa salopeti za nguvu.» Ni neno la adabu, lakini bado linamuomba mutu kitu. Mwezi wa Desemba ni mwezi wa deni mu nyumba ya mufanyakazi: sikukuu inakuja, na kisha Januari na makuta ya masomo. Muteja mwenye deni ku atelye akisoma «karibuni», anasikia «lini utalipa?»

Niliomba mama asome karti zote kwa sauti, na ku mwisho ajiulize swali moja: huyu mutu nilimuachia kazi gani ya kufanya? Kama kuna kazi, hata ndogo, kuja, kupiga telefone, kutuma kwa watu kumi, basi salamu haijaisha kusafishwa. Tukamaliza hivi:

«Mungu atujalie sisi wote kurudi ku nyumba.»

Chini, na herufi ndogo, jina la atelye na maneno «mama na washonaji wake». Kusaini ni haki, sababu mutu anapenda kujua nani anamuamkia. Namba hatukuweka. Wenye walipata karti wana namba tayari.

Mama akauliza: «Na kama atelye itafungwa siku ile, nisiambie batu?» Uambie, lakini ku ujumbe mwingine, siku moja mbele: «Kesho tunafunga, kesho kutwa tunafungua.» Ile ni habari ya kusaidia mutu asitembee bure. Usiichanganye na salamu.

Vile ya kuzitia mu telefone

Kwa nini karti tano, si kumi? Ku Facebook, ukitia foto nyingi mara moja, hazipitike moja moja mbele ya macho. Zinapangwa pamoja sawa matofali. Tano zinaonekana. Ikizidi, ile ya tano inafunikwa na namba yenye kuonyesha ngapi zinabaki, na neno lako la mwisho linafichwa. Ku Instagram zinapita kwa kidole, lakini watu wetu wengi hawako kule. Ku statu ya WhatsApp zinafuatana zenyewe, kwa mupango wenye ulizigusa wakati wa kuchagua. Uziguse basi polepole, ya kwanza kwanza. Mama alikosea mara ya kwanza, karti ya marehemu ikatangulia. Juu ya bahati alikuwa anajaribu ku telefone ya mutoto wake.

Foto za miraba, 1080 kwa 1080, zinafaa ku Facebook na ku statu pia, sababu ku statu zinakaa katikati na nafasi nyeusi inabaki juu na chini. Ukitaka karti ndefu ya kujaza statu yote, 1080 kwa 1920, maneno yakae katikati, sababu juu kuna jina lako na chini kuna mahali pa kujibu.

Kila karti isipite maneno makumi mbili na tano hivi. Tulipima namna hii: tuliweka telefone yenye kioo cha kupasuka mu mukono wa mama mukwe wake, mukono umenyooshwa, ndani ya nyumba bila taa. Karti ya pili hakuisoma. Tuliongeza ukubwa wa herufi, akaisoma. Herufi nyeupe juu ya kivuli cha taa zilionekana vizuri. Nyekundu na njano tuliziacha, sababu macho ya watu yalizoea kuziona ku matangazo ya punguzo.

Saa ya kutuma pia ni heshima. Statu inaishi saa 24, kisha inapotea. Mama alitaka kuitia magaribi ya 3 Desemba. Tuhesabu: itapotea magaribi ya 4 Desemba, wakati ekipe ya muchana inatoka, wanavaa, wanaingia mu bisi, na bado hawajafungua telefone. Wenye kushuka wengi wanaacha telefone mbali na kazi. Alipoitia alfajiri ya 4 Desemba, mbele ekipe ya asubui haijaingia, ilibaki mupaka alfajiri ya kesho yake. Ekipe zote tatu ziliweza kuiona, ya usiku nayo mbele ya kuingia posti.

Na statu ina uzuri mwingine: haisukumi mutu. Anaiona mwenye namba yako na wewe una yake, tena akipenda kufungua. Kumutumia kila muteja mu telefone yake ni kumugongea mulango. Anajisikia kwamba anapaswa kujibu. Mu grupu za vilio na za familia, usitie kitu cha duka, hata salamu. Mu grupu ya sindika, mama aliniomba ruhusa, na nilikataa. Alielewa. Nikimukubalia yeye, kesho muuza bote atakuja pia.

Majibu

Siku ile majibu yalikuja. Wengi waliandika amina, wengine asante. Mumoja aliuliza salopeti ya mutu munene ni makuta ngapi. Mama alinipigia telefone, na woga kidogo: «Papa delege, nimujibu?» Mujibu, mama. Ameuliza yeye mwenyewe. Lakini kwanza umurudishie sikukuu njema, kisha bei, na usiongeze kitu. Kama watu kumi wangeuliza bei, ningesema karti zetu zilikuwa na harufu ya duka, turudi kuangalia wapi. Mumoja si alama ya kosa.

Mujane wa nyumba ya pili, ule mwenye alikataa jina, aliona karti zote tano. Mama aliona jina lake ku orodha ya wenye walifungua. Hakuandika kitu mupaka usiku. Kisha aliandika: «Asante sababu hukumutaja.»

Mama alifikiri sana atajibu nini. Aliandika majibu marefu mara mbili, akayafuta. Ku mwisho alituma maneno matatu paka: «Ulale vema, mama.»